Pasi ya makumbusho Paris ya saa 48: inalipa au nakata tiketi moja moja?

Karanga_Mbichi
Wakuu, habari za leo. Naomba anayejua hesabu za hizi pasi za watalii anisaidie kabla sijalipa. Tunakwenda Paris mimi, mume wangu na watoto wawili, wa miaka 9 na 15. Tunafika Jumatatu adhuhuri, tunaruka Alhamisi jioni. Tunataka kuona makumbusho ya Louvre na Orsay, kanisa dogo la Sainte-Chapelle, tao la Arc de Triomphe, mnara wa Eiffel na kanisa la Notre-Dame, na jioni moja tupande boti mto Seine.

Nimeona Paris Museum Pass, ipo ya siku 2, 4 na 6. Tangazo linasema inafungua zaidi ya sehemu 50. Nilikuwa karibu kununua nne za siku mbili, halafu mume wangu akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: tutajuaje kama tumeokoa hela au tumewapa tu? Nisaidieni.

MzeeWaRamani
Binti, nunua bila kufikiri mara mbili. Hizo sehemu kila moja ina foleni ya kuota jua, na mwenye pasi anapita pembeni. Ila zingatia kitu kimoja: siku zinahesabiwa kwa kalenda. Ukiigusa jioni umeshapoteza siku nzima. Kwa hiyo msiitumie Jumatatu, anzeni Jumanne alfajiri mlango unapofunguliwa, mmalize Jumatano usiku. Louvre iwe ya kwanza.

kijiti_cha_kati
Na metro mnapanda bure humo humo, hilo nalo ni kubwa. Kwa watu wanne nauli peke yake inarudisha nusu ya hela.

Bi_Daftari
Shikamoo Mzee. Naomba nikupinge kidogo kwa heshima. Kuhusu kalenda, ndivyo ilivyokuwa zamani. Siku hizi pasi ya Paris inahesabu saa mfululizo tangu mlango wa kwanza mlioscan: ya siku 2 ni saa 48, ya 4 ni saa 96, ya 6 ni saa 144. Na Jumanne Louvre imefungwa. Mtu akifuata ratiba yako atasimama mbele ya ile piramidi ya kioo na kupiga picha tu.

Kijiti, hiyo haina usafiri hata kituo kimoja. Labda unawaza kadi za nauli za watalii, hizo ni kitu kingine kabisa na zinauzwa kivyake.

Karanga, kabla ya hesabu yoyote toa watoto. Makumbusho ya taifa na majengo ya kihistoria yaliyo kwenye pasi hii hayatozi chini ya miaka 18, wa taifa lolote. Wabebe pasipoti zao mlangoni basi. Pasi nne zimeshakuwa mbili hapo.

Halafu kata orodha yako vipande viwili. Eiffel haimo kwenye pasi. Boti haimo. Notre-Dame tangu ilipofunguliwa tena Desemba 2024 unaingia kanisani bure kama zamani. Hivyo vitatu havina uhusiano na pasi, vinakaa nje ya hesabu na nje ya zile saa 48. Zinabaki Louvre, Orsay, Sainte-Chapelle na Arc. Hizo nne ndizo zinaamua. Zile nyingine arobaini na kitu za kwenye tangazo usizitazame kabisa.

Karanga_Mbichi
Asante sana dada! Sikujua la watoto, na ukurasa niliokuwa nataka kununulia uliniacha nijaze watu wanne bila kuuliza umri wa mtu. Sasa Eiffel si ndiyo kivutio kikubwa kuliko vyote, inawezekanaje iachwe?

Bi_Daftari
Kwa sababu pasi ni mkataba kati ya wenye milango, haifuati umaarufu. Louvre, Orsay na kasri la Versailles ni taasisi za taifa. Arc de Triomphe, Sainte-Chapelle, Conciergerie na Panthéon ziko chini ya Centre des monuments nationaux, ambacho ni chombo cha serikali pia. Mnara unaendeshwa na kampuni ya jiji, na tiketi zake zinaisha zenyewe bila msaada wa mtu, sasa ajiunge ili iweje? Yale mahandaki ya mifupa, Catacombes, nayo ni ya jiji na hayamo.

Ndiyo maana kwenye pasi ya mji wowote mimi huanza na kilichokosekana. Mara nyingi utakuta kitu chenye foleni ndefu kuliko vyote kiko nje.

nyayo_nyepesi
Naongezea kwa hilo: Roma Pass haikuingizi makumbusho ya Vatikani. Ile ni nchi nyingine. Na ina mtego wake: ya saa 72 inakupa milango miwili ya kwanza bure, inayofuata ni punguzo tu. Ya saa 48 ni mlango mmoja. Mtu akianza na kamakumbusho kadogo kwa sababu kako karibu na hoteli, ameshachoma nafasi ya Colosseum. Colosseum pamoja na Foro na kilima cha Palatino vinahesabika mlango mmoja, kwa hiyo ndiyo iwe ya kwanza.

Bi_Daftari
Sawa kabisa nyayo. Turudi Paris, Karanga lete daftari.

Nitatumia bei za 2024 kwa kuwa zote ninazo kwenye karatasi moja. Zimepanda tangu hapo, ya pasi na ya milango, kwa hiyo wewe utaweka za leo kutoka tovuti ya kila sehemu. Njia haibadiliki.

Pasi ya saa 48 ilikuwa yuro 62. Louvre 22. Orsay 16 ukinunua mtandaoni. Arc 16. Sainte-Chapelle 13. Jumlisha nne hizo, unapata 67. Kwa hiyo mtu mmoja anaokoa yuro 5, ninyi wawili mnaokoa 10. Inalipa, ila kwa kujikongoja.

Sasa fanya jambo ambalo wengi hawafanyi: ondoa mlango mmoja mmoja uone nini kinatokea. Ukiondoa Sainte-Chapelle inabaki 54, umepata hasara. Ukiondoa Arc inabaki 51, hasara. Ukiondoa Louvre inabaki 45, umetupa yuro 17 kila mtu. Yaani kwa ratiba yako lazima uingie kote kunne. Mguu ukiuma, mtoto akitapika, mvua ikiwafungia hotelini nusu siku, pasi imekula hela. Mpango unaolipa kwa yuro 5 tu mimi naupa jina la mpango usiolipa, mpaka upate mlango wa tano.

Karanga_Mbichi
Mlango wa tano si tuchukue tu Panthéon? Nimeona iko humo.

Bi_Daftari
Ungeilipia yuro 13 mfukoni mwako kama pasi isingekuwepo?

Karanga_Mbichi
Hapana 😅 sikuwahi kuisikia kabla ya jana.

Bi_Daftari
Basi kwenye daftari iandikie sifuri.

MzeeWaRamani
Marahaba binti Daftari, naona umeninyoosha. Lakini hapo kwenye sifuri umekuwa mkali mno. Mimi napenda pasi kwa sababu hiyo hiyo: unapita mtaani, unaona jengo, unaingia dakika ishirini, unatoka, hakuna anayekudai. Bila pasi ungesimama nje ukapiga mahesabu na kuondoka. Furaha hiyo ina thamani. Iandikie hata nusu bei.

Bi_Daftari
Mzee, nusu bei nakubali kwa mtu anayesafiri peke yake na ana siku za kuzurura. Kwa wenye watoto wawili na siku tatu pungufu, hizo dakika ishirini zinatoka kwenye Louvre. Nabaki na sifuri yangu.

tumbili_mtulivu
Mimi niko na mzee. Ukihesabu hivyo hakuna pasi duniani itakayowahi kulipa, na watu wananunua kila siku.

nyayo_nyepesi
Watu kununua kila siku hakuthibitishi kwamba inawalipa, tumbili.

Karanga_Mbichi
Msigombane kwenye uzi wangu jamani 😂 Mimi Orangerie naitaka kweli, yale maua ya majini ya Monet. Sikuiweka kwenye orodha kwa sababu sikuona pa kuibana. Nayo ilikuwa bei gani?

Bi_Daftari
Aa, sasa tunaongea. 12.50 mwaka huo. 67 inakuwa 79.50, unaokoa 17.50 kila mtu. Na rudia kuondoa: ukikosa Sainte-Chapelle unabaki na 66.50, bado uko juu ya 62. Ukikosa Arc unabaki na 63.50, bado juu kwa unywele. Ukikosa Louvre unabaki na 57.50, umeshuka chini. Kwa hiyo mlango unaobeba pasi yenu ni Louvre, na wenyewe ndio mgumu.

Sasa saa. Jumatatu Orsay imefungwa. Jumanne Louvre na Orangerie zimefungwa. Jumatano na Alhamisi kote wazi, na Louvre Jumatano hufunga usiku. Kwa kuwa saa 48 zinaanza mlangoni, usiwashe pasi Jumatatu. Siku hiyo piga yale ambayo hayamo: Notre-Dame, Eiffel, boti. Jumanne asubuhi tembeeni, kuleni taratibu, saa 7 mchana ingieni Orsay. Hapo saa ndiyo inaanza, nayo itaisha Alhamisi saa 7 mchana. Jumanne jioni pandeni Arc, iko wazi mpaka usiku. Jumatano asubuhi Sainte-Chapelle, alasiri Louvre. Alhamisi saa 3 asubuhi Orangerie inapofungua, mkitoka hapo mna muda wa kufuata mabegi.

Umeona kilichotokea? Pasi ya siku mbili imegusa siku tatu. Ungeiwasha Jumanne saa 3 asubuhi kama mtu mwenye haraka, Alhamisi Orangerie inapofungua ingekuwa imekufa.

kijiti_cha_kati
Hii ya kuwasha mchana ni kali. Naweza kuifanya London pia? Tuna safari mwezi ujao.

nyayo_nyepesi
Hapana mkuu, usijaribu. London Pass ya siku inahesabu kalenda, hiyo ndiyo ile aliyosema Mzee. Ukiiwasha saa 10 jioni umenunua siku ya saa mbili tatu. Kule unawasha asubuhi mapema na unaipanga kwa siku nzima nzima. Halafu usihesabu British Museum, National Gallery wala Tate Modern kama faida ya pasi yoyote, makusanyo yao ya kudumu ni bure kwa kila mtu. Kule pasi inalipa kwa anayetaka minara na majumba ya kifalme. Wa makumbusho haimsaidii kitu.

Karanga_Mbichi
Dada Daftari, umesema Louvre ni mlango mgumu. Kwa nini, kama pasi tayari ninayo?

Bi_Daftari
Kwa sababu pasi ni malipo, siyo nafasi. Louvre inataka mwenye pasi aweke miadi ya saa ya kuingia, bila malipo ya ziada, na nafasi za miadi zina kikomo. Sainte-Chapelle nayo ni hivyo hivyo, na Versailles. Ukifika bila miadi siku yenye watu unaweza kurudishwa na pasi yako mkononi. Kwa hiyo usianze na kununua. Fungua kwanza kalenda ya Louvre, angalia kama Jumatano yako ina nafasi alasiri. Ikiwa ipo, nunua pasi na uweke miadi saa hiyo hiyo, na watoto wawekee miadi yao ya bure, nao wanahitaji. Ikiwa haipo, funga kompyuta, pasi hainunuliwi, kata Orsay, Arc, Sainte-Chapelle na Orangerie moja moja.

Na kuhusu kuruka foleni, Mzee yuko nusu sahihi. Unaruka foleni ya kununua tiketi. Foleni ya ukaguzi wa mabegi unapanga kama kila mtu. Sainte-Chapelle iko ndani ya eneo la mahakama, hapo ukaguzi ni wa kweli, usibebe hata kisu cha kumenya matunda. Siku hizi mwenye tiketi ya mtandaoni yenye saa naye haendi dirishani, kwa hiyo ile faida ya foleni usiiuzie hela nyingi.

ua_la_jioni
Samahani kuingilia. Mimi nakwenda na mama, ana ulemavu wa miguu, anatumia kiti cha magurudumu. Tununue pasi ya siku nne? Tunataka na Versailles.

Bi_Daftari
Usinunue hata moja kabla hujasoma ukurasa wa kila sehemu unayokwenda. Louvre na Orsay zinamwingiza mwenye ulemavu bure pamoja na mtu mmoja anayemsindikiza, mradi awe na hati ya kuonyesha. Mkiwa wawili tu, hesabu yenu ya milango hiyo ni sifuri, na pasi haina cha kuokoa hapo. Tafuta nani hasa anakubali hati gani, kwa maana hati ya nchi moja si lazima isomeke mlangoni kwa nchi nyingine. Bebeni na tafsiri.

tumbili_mtulivu
Hiyo ya siku nne na Versailles ndiyo niliyotaka kusema kwa Karanga. Ukichukua ya saa 96 unapata na Versailles, ndiyo thamani halisi.

Bi_Daftari
Kwa bei zile zile: ya saa 96 ilikuwa 77, yaani yuro 15 juu ya ile ya 48. Kasri la Versailles lilikuwa 21. Kwa hiyo swali la pasi kubwa ni dogo kuliko linavyoonekana: je, ndani ya zile saa 48 za ziada kuna mlango hata mmoja wa zaidi ya yuro 15 ambao utaingia kweli? Mwenye siku tano, ndiyo, na hapo Versailles inailipa peke yake. Ila asisahau siku za maonyesho ya maji ya muziki bustani inalipiwa pembeni, pasi inafungua kasri. Na Jumatatu kasri limefungwa.

Karanga anaondoka Alhamisi jioni. Versailles ni nusu siku ukijibana, na ni siku nzima ukiwa na watoto. Akiingiza hiyo anatoa Louvre au anatoa Orsay na Orangerie pamoja. Saa zitakazobaki za hizo 96 atazitumia angani.

tumbili_mtulivu
Wengine tunatembea haraka. Milango mitano kwa siku inawezekana.

nyayo_nyepesi
Mitano ukiwa unahesabu milango, na ukitoka Louvre pasi haikurudishi ndani. Kila sehemu ni mara moja.

MzeeWaRamani
Kuna jambo hamjaligusa. Tangu Januari 2026 Louvre inawatoza wanaotoka nje ya eneo la kiuchumi la Ulaya yuro 32 badala ya 22. Sasa hesabu ya Bi Daftari si imegeuka? Ile yuro 10 peke yake ni mara mbili ya faida aliyoipata mwanzo.

Bi_Daftari
Hapo umenikamata vizuri Mzee, ni kweli, na kuna sehemu nyingine zilizofuata njia hiyo. Ndiyo sababu nilisema weka bei za leo, na niongeze: weka bei inayokuhusu wewe, usisome safu ya watu wa Ulaya. Pasi nayo ilipanda, kwa hiyo haiwezi kusemwa moja kwa moja kwamba sasa inalipa zaidi. Mlango ghali ukizidi kuwa ghali, pasi inazidi kuegemea mlango huo mmoja. Miadi ya Louvre inakuwa muhimu kuliko mwanzo.

Karanga_Mbichi
Nimekaa na mume wangu na tovuti zote tano, tumeweka bei zetu. Kwa milango mitano inalipa, kwa minne hailipi. Kalenda ya Louvre Jumatano ina nafasi ya saa 9 alasiri na ya saa 10, mchana wote umejaa. Tunachukua ya saa 9. Pasi mbili, watoto miadi ya bure.

Swali la mwisho: mume wangu anasema Arc tusipande Jumanne kwa sababu tutakuwa tumechoka na Orsay, tupande Jumatano usiku baada ya Louvre. Mimi naona siku hiyo ndiyo tutakuwa tumekufa kabisa.

tumbili_mtulivu
Jumatano. Taa za jiji ukitoka Louvre ni kitu kingine.

MzeeWaRamani
Jumanne. Ngazi za pale zinafika 284, na Louvre nayo ni kutembea tu. Msiweke vyote siku moja na watoto.

Bi_Daftari
Zote ziko ndani ya saa zenu, kwa hiyo pasi haina neno. Wekeni Jumanne, Jumatano ibaki akiba. Mkipanga Jumatano kisha mkashindwa, usiku mwingine ndani ya pasi haupo.

kijiti_cha_kati
Wakuu, nani ana ile ya London? Nimefungua uzi wangu lakini hakuna aliyejibu.